Jibu la Mhitimu Asiye na Tajiriba kwa Wakala wa Ajira Aliyemwandikia

Mwenye shahada mpya ambaye hajapata kuajiriwa hata siku moja, akifungua simu yake asubuhi na kukuta katika LinkedIn barua ya mtu asiyemjua, isemayo kwamba wasifu wake umeonekana na kwamba iko nafasi ambayo huenda ikamfaa, hupatwa na mambo mawili kwa wakati mmoja: furaha ya kuonekana, na hofu ya kugunduliwa. Furaha ina haki yake. Hofu ndiyo inayoharibu majibu, kwa kuwa humfanya mtu ama aombe radhi kwa kosa asilolitenda, ama avae joho la tajiriba ambalo hakushonewa. Nami, niliyekaa miaka kadhaa upande wa pili wa meza nikisoma majibu ya namna hizo mbili asubuhi na jioni, nathubutu kusema kwamba wengi walioachwa njiani hawakuachwa kwa upungufu wa tajiriba.

Yafaa kwanza ujue umeonekanaje. Wakala hakukuota usingizini. Alifungua kisanduku cha kutafutia, akaandika maneno machache, tuseme mhasibu, QuickBooks, Dar es Salaam, na ukurasa wako ukatokea miongoni mwa kurasa nyingi kwa sababu neno mojawapo ulikuwa umeliandika. Kabla ya kukuandikia, hata kama ni kwa nukta chache tu, jicho lake lilipita juu ya mwaka uliohitimu na juu ya mahali ambapo waajiri huorodheshwa, akaona pako tupu au pana mafunzo ya vitendo peke yake. Basi lile unalolionea haya analijua tayari, na ameandika hivyo hivyo. Fauka ya hayo, barua za namna hii, ziitwazo InMail, hutolewa kwa idadi maalumu kwa kila anayezilipia, na LinkedIn humrudishia nafasi ya barua moja endapo aliyeandikiwa atajibu ndani ya siku 90, hata jibu likiwa la kukataa. Kwa hiyo ukijibu humsumbui, unamfaa. Kinyume chake, ukikaa kimya kwa kuona kwamba hustahili, unamtia hasara ndogo na unajitia kubwa.

Nichukue kisa kimoja nilichokiona kwa karibu, nikiacha majina. Binti mmoja alihitimu uhasibu, akarudi kwao Mbagala kungoja kazi. Katika masomo alikuwa amefanya wiki nane za fildi kwa mfanyabiashara wa jumla wa vifaa vya ujenzi Kariakoo, na katika wasifu wake aliandika neno QuickBooks kwa sababu alilitumia huko. Siku moja akapata barua hii:

“Habari. Nimeona kwenye wasifu wako kuwa umetumia QuickBooks. Namtafutia mteja wetu, msambazaji wa vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam, mhasibu msaidizi mwenye uzoefu wa mwaka mmoja hadi miwili. Ukipenda tuzungumze, nitumie wasifukazi wako na matarajio yako ya mshahara.”

Barua hii ni fupi, lakini inasema mengi kwa anayeisoma mara mbili. Neno “mteja wetu” laonyesha kwamba mwandishi ni wakala na siye mwajiri mwenyewe; yeye hulipwa na mwajiri, na aghalabu hulipwa pale tu mtu aliyempeleka anapochukuliwa, hivyo anachokihitaji kutoka kwako ni hoja ya kumpelekea mteja, hahitaji hadithi ya maisha yako. Neno QuickBooks ni ule mlango alioingilia, na jibu lisilorudi kwenye mlango huo humwacha nje. Vifaa vya ujenzi ni biashara ileile ambayo binti alikaa wiki nane ndani yake, jambo ambalo wakala huenda hakulijua, na yeye binti karibu asilione kwa wasiwasi. Mwisho ni ule mwaka mmoja hadi miwili. Huo ni usemi wa mteja uliotiwa katika barua, na kwa nafasi za ngazi ya chini ni usemi unaopindika mara nyingi. Lakini haupindiki mpaka mtu auulize.

Binti aliandika rasimu mbili kabla ya kuniletea, kwa kuwa mama yake na mimi tunajuana. Ya kwanza ilianza hivi: “Shikamoo. Asante sana kwa kuniona. Samahani, mimi sina uzoefu wowote, ila ni mwepesi wa kujifunza na niko tayari kufanya kazi yoyote.” Nilimuuliza: mwanangu, mtu huyu akitaka kumwambia mteja wake jambo moja juu yako, atalitoa katika sentensi ipi? Akanyamaza. Wepesi wa kujifunza husemwa na kila mtu, na aliye tayari kwa kazi yoyote hajasema yuko tayari kwa hii. Hata shikamoo, ambayo nyumbani ni adabu isiyopingika, hapo ilikuwa imekaa vibaya, maana mwandishi wa ile barua alionekana katika picha kuwa pengine rika lake, na naye alikuwa ameanza na “habari”. Katika barua za kazi, mrudishie mtu salamu aliyokupa. Ukiandikiwa kwa Kiingereza, kama inavyotokea mara nyingi, jibu kwa Kiingereza. Mpango wa jibu haubadiliki.

Rasimu ya pili ilikuwa ya hatari zaidi, kwa kuwa ilipendeza. Zile wiki nane zilikuwa zimegeuka “nilifanya kazi kama mhasibu msaidizi,” na tarehe zikafutwa, ukabaki mwaka peke yake. Nakumbuka miaka ya nyuma nilipompeleka kijana wa namna hiyo kwa kampuni moja nisiyopenda kuitaja: mkuu wa hesabu akapiga simu kule alikodai kuwa ameajiriwa, akajibiwa kwamba alikuwa mwanafunzi wa mafunzo, tena kijana mzuri. Ule uzuri haukumsaidia tena. Angeandikwa mwanafunzi tangu awali, simu ileile ingekuwa shahada yake ya pili. Uthibitisho wa kazi zilizopita hufanywa kwa simu ya dakika tatu, na swali la kwanza huwa ni cheo na tarehe.

Tukaandika upya, na kabla ya kuandika nikamtaka anieleze, pole pole, siku moja ya kazi yake Kariakoo ilikuwaje. Mwanzo alisema “nilisaidia idara ya uhasibu,” maneno ambayo hayana mtu ndani yake. Nilipomsukuma zaidi akasema kwamba asubuhi aliingiza ankara za siku iliyotangulia katika QuickBooks, na kwamba wiki ya tatu mhasibu mkuu alimkabidhi boksi la taarifa za benki za miezi mitatu ambazo hazikuwa zimesuluhishwa na daftari la fedha. Katika kulinganisha mstari kwa mstari akakuta salio la daftari limezidi lile la benki kwa kiasi ambacho hundi zisizowasilishwa hazikuweza kukieleza, kwa kuwa hundi za namna hiyo hupunguza salio la daftari wala haziliongezi. Na akifuatilia stakabadhi akagundua kwamba amana mbili zilizopelekwa kwa wakala wa benki ziliandikwa na karani siku ya kuwekwa, kisha zikaandikwa tena taarifa ya benki ilipokuja. Nikamwambia, hicho ndicho kinachotafutwa. Na wewe ulikuwa umekiacha nje ya barua zote mbili.

Jibu lililotoka hatimaye lilikuwa hili:

“Habari za asubuhi, Bi. ——. Asante kwa kuniandikia juu ya nafasi ya mhasibu msaidizi, ningependa tuizungumze.

Nimehitimu Shahada ya Uhasibu mwaka huu na bado sijaajiriwa. Kazi yangu iliyo karibu zaidi na nafasi hii ni mafunzo kwa vitendo ya wiki nane kwa muuzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi Kariakoo. Niliingiza ankara katika QuickBooks kila siku, na nikaandaa usuluhisho wa kibenki wa miezi mitatu iliyokuwa imelimbikizana, ambamo nilikuta amana mbili zilizoandikwa mara mbili. Mhasibu mkuu aliyenisimamia yuko tayari kuulizwa. Ritani za kodi nimeziona zikiandaliwa, lakini sijapata kuziandaa peke yangu.

Je, mwaka mmoja hadi miwili ni sharti la mteja wako, au atakubali kumtazama mhitimu mwenye mafunzo ya namna hii? Na kuhusu mshahara, naomba kujua kwanza kiwango kilichotengwa kwa nafasi hii, kabla ya makato.

Wasifukazi wangu nimeuambatanisha. Napatikana kwa simu Jumatano na Alhamisi, saa nne asubuhi hadi saa saba mchana.”

Tazama mahali pa ile sentensi ya kukiri. Haiko mwanzo, ambako ingelikuwa ndiyo sura ya barua, wala haikufichwa mwisho. Imekaa baada ya kukubali mazungumzo, ina maneno machache, haina “samahani” wala “kwa bahati mbaya,” na mara baada yake inakuja kazi yenyewe. Mhitimu mwenye haya hutaka kuizungushia ufafanuzi, aeleze uhaba wa ajira na ugumu wa maisha. Asifanye hivyo. Kila neno linaloongezwa hapo hukiongezea uzito kile kitu ambacho msomaji alikuwa amekwisha kukisamehe.

Ile sentensi ya ritani za kodi huwashangaza wengi: kwa nini mtu ajitajie upungufu ambao hakuulizwa? Kwa sababu mwenye duka la jumla aliyesajiliwa kwa VAT anatakiwa kupeleka ritani yake kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na mkuu wa hesabu anapotafuta msaidizi, swali lililomo moyoni mwake ni kama mtu huyo atamwondolea mzigo wa tarehe hiyo au atakaa akifundishwa. Lazima ataliuliza. Mhitimu aliyekwisha kulijibu kwa hiari yake huaminiwa katika yale mengine aliyoyadai, na wakala naye haaibiki mbele ya mteja. Lakini upungufu mmoja watosha, tena ule unaohusiana na kazi hiyo. Si fursa ya kuungama yote usiyoyajua.

Swali juu ya mwaka mmoja hadi miwili limewekwa kwa umbo ambalo wakala anaweza kulichukua kama lilivyo akampelekea mteja. Hilo ni jambo dogo lenye manufaa makubwa. Mtu wa kati hupenda maneno ambayo hahitaji kuyaandika upya, na sentensi ya mafunzo ya Kariakoo nayo imeandikwa kwa makusudi hayohayo: anaweza kuinakili na kuipeleka.

Sasa mshahara, ambao ndio huwatia wahitimu jasho. Ukiombwa kutaja kiasi na hujapata kuajiriwa, huna kipimo cha nyuma cha kujipimia, na hesabu unayoifanya kichwani ni ya fedha utakazozishika mkononi, ilhali mwajiri huzungumza fedha kabla ya makato. Chukua mfano wa shilingi 700,000 kwa mwezi, bila posho. Asilimia 10 huenda NSSF kama mchango wako, yaani 70,000. Zinazobaki, 630,000, ndizo zinazotozwa kodi ya mapato, na kwa viwango ambavyo 270,000 za mwanzo hazitozwi, 250,000 zinazofuata hutozwa asilimia 8, na zilizozidi 520,000 hutozwa asilimia 20, kodi inakuwa 42,000. Ukiwa ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi hukatwa, nazo ni 105,000. Unabaki na 483,000. Yule binti, aliyekuwa amepanga kuandika 500,000 akidhani atazipata zote, alikaa kimya kwa muda mrefu mbele ya karatasi ile.

Kwa hiyo, omba kwanza kuambiwa kiwango kilichotengwa. Ni swali la heshima na wakala huwa na jibu lake. Akisisitiza utaje wewe, anza na kiasi unachokihitaji mkononi kwa chumba, nauli za daladala na chakula, kisha panda juu mpaka kwenye kiasi cha kabla ya makato, utaje upeo wa chini na wa juu, na useme wazi kwamba ni kabla ya makato. Usiandike “mshahara wowote”. Maneno hayo hayakupi unyenyekevu, hukupunguzia thamani kabla hujaonwa.

Kuna hadhari moja, ambayo naitaja kwa ufupi kwa sababu alama zake si ngumu. Wapo wanaojiita mawakala na kazi yao ni kuwakamua wanaotafuta kazi. Mkataba wa 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, katika kifungu chake cha 7, uliweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada, iwe moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Na hata bila kuutafuta mkataba, akili yaonyesha kwamba anayelipwa na mwajiri hana sababu ya kukutaka elfu ishirini ya fomu, au ya vipimo, au ya sare, itumwe kwa namba ya simu ya mtu. Wakala wa kweli anaweza kulificha jina la mteja katika barua ya kwanza, kwa kuogopa umwendee mwenyewe ukampita. Lakini hakatai kukuambia biashara yake ni ipi na iko wapi, na kabla ya usaili hukutajia jina. Katika jibu la kwanza peleka wasifukazi peke yake. Vyeti, namba ya kitambulisho cha NIDA na akaunti ya benki vina wakati wake, nao ni baada ya kumjua mwajiri.

Mengine ni madogo. Jibu siku ileile au kesho yake, maana wakala huandikia watu kadhaa kwa pamoja na orodha yake hufungwa mapema. Faili la wasifukazi lipewe jina lako na nafasi yenyewe, lisiitwe CV new final 2.pdf. Kabla ya kutuma mpigie simu yule msimamizi wa fildi, umjulishe kwamba anaweza kuulizwa na umkumbushe ulifanya nini; yule mhasibu mkuu wa Kariakoo alikuwa amelisahau boksi, hata alipotajiwa zile amana mbili ndipo akacheka. Tena hakikisha wasifu ulio mtandaoni na ule wa faili vinasema tarehe zilezile.

Ukisha kutuma, ngoja siku tano za kazi. Kimya kikizidi, andika mara moja tu: “Habari, Bi. ——. Nakumbushia nafasi ya mhasibu msaidizi tuliyoandikiana wiki iliyopita. Bado naihitaji, na ninapatikana wiki hii.” Kimya kikiendelea baada ya hapo, acha. Na kama nafasi yenyewe haikufai, ama kwa umbali au kwa kuwa ni ya kuuza bidhaa mitaani iliyopewa jina la uhasibu, mjibu hivyo kwa mistari miwili, umwambie ni kazi gani unayoitafuta. Anayo barua yako katika kumbukumbu zake, na wateja wake hawaishi.

Binti yule alijibiwa siku ya pili. Wakala aliandika kwamba mteja ameshikilia mwaka mmoja kwa nafasi ile, ila ana nafasi nyingine ya mkataba wa miezi sita, ya karani wa hesabu, kazi yake kubwa ikiwa ni kusuluhisha taarifa za benki za matawi mawili, kwa 550,000 kabla ya makato, je, angeitaka? Alinipigia kuniuliza aseme nini. Nikamwambia achukue karatasi ile ya makato aipige hesabu upya, kisha amuulize wakala mambo mawili: mkataba ukiisha kuna nafasi ya kuendelea au hakuna, na nani atamsimamia.